Hakununua hata msumari: fungu la mke aliyefanya kazi nyumbani

*Shikamoo Mwalimu. Nasomea sheria mwaka wa pili, kwetu ni Malindi. Tumepewa swali na nimekwama. Charo alinunua kiwanja Barani mwaka 2003. Mwaka 2006 akafunga ndoa ya kanisani na Kadzo, na mwaka 2009 ikajengwa nyumba kwenye kiwanja hicho wakahamia. Mwaka 2014 Charo, ambaye ni mpishi wa hoteli, alinunua kiwanja Ngala kwa jina lake, akakopa, akajenga vyumba vinne vya kupangisha. Kodi ikikusanywa na Kadzo. Mwaka 2016 Charo alirithi shamba la babake karibu na Gede, Kadzo akapanda mikorosho humo. Kadzo hakuwahi kuajiriwa: alilea watoto wanne na kumuuguza mama mkwe. Ndoa ilivunjwa na mahakama mwaka 2023. Charo asema Kadzo "hakununua hata msumari". Kadzo ataka nusu ya kila kitu, na mkopo haujaisha. Tumshauri Kadzo, kisha tuseme kama jibu lingebadilika wangekuwa Waislamu. Mimi naona Katiba imesema nusu kwa nusu. Nimekosea?*

Marahaba. Umekosea, ila umekosea pamoja na watu wengi, wakiwemo mawakili wenye nywele nyeupe.

Ibara ya 45(3) ya Katiba ya Kenya ya 2010 inasema wanandoa wana haki sawa wakati wa kuoana, wakati wa ndoa na wakati ndoa inapovunjwa. Haikutaja kipimo chochote cha mali. Kwa miaka kadhaa majaji walivutana juu ya maneno hayo. Wengine waliyasoma kama amri ya kukata mali katikati, wengine wakasema ni haki sawa ya kusikilizwa na kupata kile ulichokifanyia kazi. Mahakama ya Juu ilifunga mjadala tarehe 27 Januari 2023 katika kesi ya Ogentoto dhidi ya Ogentoto: hakuna nusu ya moja kwa moja, kila upande uthibitishe mchango wake, na mahakama ipime kesi kwa kesi. Ukiandika "Katiba yasema nusu" baada ya hukumu hiyo, msahihishaji atakata mstari na kuendelea.

Charo naye asifurahi mapema. Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013, kifungu cha 2, inasema mchango ni wa fedha na usio wa fedha, kisha inautaja huo usio wa fedha kwa majina: kazi za nyumbani na uendeshaji wa nyumba ya ndoa, ulezi wa watoto, kuwa mwenzi wa mwenzako, uendeshaji wa biashara au mali ya familia, na kazi ya shamba. Ule msumari wa Charo haumo katika orodha hiyo. Kabla ya 2013 hoja yake ingeweza kumfaa. Tulikuwa tukitumia sheria ya Waingereza ya 1882 kuhusu mali ya wanawake walioolewa, na mwaka 2007 Mahakama ya Rufaa katika kesi ya Echaria ilikataa kuhesabu malezi na kazi za nyumbani kama mchango wa kupata mali. Bunge liliandika kifungu cha 2 kuondoa msimamo huo. Mtaje Echaria kwa sentensi moja, ili ionekane unajua tulikotoka, kisha umwache.

Sasa kiini cha swali lako. Kifungu cha 7 kinasema mali ya ndoa ni ya wanandoa kulingana na mchango wa kila mmoja katika kupatikana kwake, nayo itagawanywa wakitalikiana. Tia mstari chini ya "katika kupatikana kwake". Hapo ndipo madai mengi ya mke wa nyumbani hudhoofika. Anaingia mahakamani na maelezo ya kweli kabisa, kwamba alipika, alifua, alichota maji, alizaa wanne, na jaji anayaamini yote. Kisha jaji anauliza: na hiki kiwanja cha Ngala, je, kilipatikana vipi kwa kazi hiyo? Mke ananyamaza, kwa sababu hakuna aliyemwandaa kwa swali hilo. Kazi ya nyumbani inahesabiwa, lakini lazima mtu aifunge kwenye mali fulani, mwaka fulani. Haijifungi yenyewe.

Kwa hiyo usianze na mchango. Anza na mali, moja moja, ukiuliza kama ni mali ya ndoa au siyo. Mchango katika kitu kisicho mali ya ndoa una njia yake nyingine, na wanafunzi wakichanganya njia hizo mbili jibu zima huvurugika.

Nyumba ya Barani ina mtego uliowekwa makusudi: kiwanja ni cha 2003, ndoa ni ya 2006. Mwanafunzi wa haraka atafungua kifungu cha 5, asome kwamba mali iliyopatikana kabla ya ndoa si mali ya ndoa, afunge kitabu. Asome tena mwanzo wa kifungu hicho. Kinaanza kwa kujiweka chini ya kifungu cha 6, na kifungu cha 6 kinaitaja nyumba ya ndoa kuwa mali ya ndoa. Nyumba ya ndoa, kwa tafsiri ya kifungu cha 2, ni mali yoyote ambayo mwanandoa mmoja au wote wawili wanaimiliki au wameikodi, na wakaitumia kama makazi ya familia. Familia ya Charo imelala hapo tangu 2009, basi ni mali ya ndoa. Ile tarehe ya 2003 haijapotea lakini. Haiitoi nyumba nje ya mgao, bali inaingia mizani kama mchango wa Charo, maana ardhi aliileta yeye peke yake kabla ya ndoa.

Vyumba vya Ngala vina ugumu wa namna nyingine. Vimenunuliwa na kujengwa ndani ya ndoa, lakini hatimiliki ina jina moja. Kifungu cha 6 kinasema mali nyingine, nje ya nyumba ya ndoa na vyombo vyake, ni mali ya ndoa ikiwa inamilikiwa kwa pamoja na ilipatikana wakati wa ndoa. Charo atasema: cheti kina jina langu, umiliki wa pamoja uko wapi? Hapo unamletea kifungu cha 14. Mali ya ndoa iliyopatikana wakati wa ndoa kwa jina la mmoja inadhaniwa kuwa ameishika kwa amana kwa ajili ya mwenzake, mpaka yeye athibitishe vingine. Sema pia kwamba vifungu hivyo viwili vimeandikwa kwa kuzungukana. Cha 14 kinazungumzia "mali ya ndoa", na cha 6 ndicho kinachoamua mali ipi ni ya ndoa. Katika swali hili duara hilo hukatika kwa ushahidi wa mchango: ukionyesha kwamba Kadzo alichangia kuvipata vyumba na akaviendesha kama biashara ya familia, una msingi wa kusema jina moja kwenye cheti halikuwa na maana ya mwenyewe mmoja. Mwanafunzi anayeliona tatizo hilo na kulitatua namna hiyo hupata alama ambazo wenzake hawajui kama zipo.

Shamba la karibu na Gede liko nje. Halikupatikana kwa pamoja, ni urithi wa Charo kutoka kwa babake. Na kama ni ardhi ya ukoo aliyoishika kwa ajili ya wengine kwa mila za Kigiriama, kifungu cha 6(2) kinaitoa wazi, kwa sababu mali ya amana, hata amana ya kimila, si mali ya ndoa. Kwa hiyo Kadzo hana fungu katika ardhi. Ana kitu kingine. Kifungu cha 9 kinasema mwanandoa akichangia kuboresha mali ya mwenzake isiyo mali ya ndoa, anapata maslahi yanayolingana na mchango huo. Mikorosho ni uboreshaji. Mshauri Kadzo adai thamani ya mikorosho, si ekari. Akidai ekari ataingia vitani na ukoo mzima, mashemeji na wazee watakuja kortini na historia ya mababu, na kesi ambayo ingekwisha kwa mwaka itakula miaka.

Tayari una ramani: Barani ni mali ya ndoa yenye mchango wa Charo wa kabla ya ndoa, Ngala ni mali ya ndoa kwa dhana ya amana, shambani ni madai ya uboreshaji tu. Sasa ndipo mchango wa Kadzo unapata mahali pa kukaa.

Mimi huwaambia wateja wangu wachukue daftari la shule la mistari na kuligawa ukurasa katikati. Kushoto waandike miaka mali ilipopatikana: 2009 nyumba, 2014 kiwanja na mkopo, vyumba vilipokwisha, mkopo ulivyoendelea kulipwa. Kulia waandike walichokuwa wakifanya wao miaka hiyohiyo. Ni kazi ya jioni moja, na mara nyingi ndiyo inayobadilisha kesi. Mama mmoja aliniambia siku ya kwanza kwamba hakuchangia chochote katika nyumba yao, "mimi nilikuwa nimekaa tu." Tulipofika mwaka wa ujenzi katika daftari akakumbuka kwamba mume alikuwa safarini kikazi wakati huo wote, na yeye ndiye aliyekuwa akihesabu lori za mawe, akiwapikia mafundi na kulala kwenye saruji isiibwe, mtoto wa miezi minne mgongoni. Hilo kwake lilikuwa "kukaa tu".

Katika swali lako ukweli umebanwa, na huruhusiwi kubuni. Lakini unaruhusiwa kusema ungemuuliza Kadzo nini, na kwa nini jibu lake lina uzito. Kati ya 2006 na 2009 nani alibana matumizi ya nyumba hadi zikapatikana fedha za kujenga? Hoteli zetu za pwani hupunguza watu msimu wa masika watalii wakiondoka. Je, mshahara wa Charo ulikatika miezi hiyo, na kama ulikatika, familia ilikula nini? Kama ilikula muhogo na kunde za Kadzo, basi akiba ya kiwanja haikuguswa kwa sababu ya kazi yake, na hapo kazi ya nyumbani imefungwa kwenye mali kwa kamba inayoonekana. Nani alisimamia mafundi Ngala wakati Charo yuko jikoni mwa hoteli tangu alfajiri? Mama mkwe alipougua, bila Kadzo nani angelipwa kumgeuza na kumwogesha, na fedha hizo zingetoka wapi kama si kwenye malipo ya mkopo?

Ushahidi wa mambo haya haukosekani, ila hauna sura ya ushahidi. Ni jumbe za M-Pesa za wapangaji zilizoingia kwenye simu ya Kadzo kila mwanzo wa mwezi. Ni daftari la kodi lenye mwandiko wake, kadi za kliniki, barua za shule zilizotiwa sahihi na mama, fundi aliyelipwa mkononi mwake, na jirani aliyemwona. Jumbe za simu zichapishwe mapema, kwa sababu simu huibwa, huanguka kisimani, na laini ikikaa bila kutumika hufungwa. Vyumba vya Ngala ndivyo vyenye ushahidi mzuri kuliko vyote, kwani kukusanya kodi ni uendeshaji wa mali ya familia, na kifungu cha 2 kimeutaja kwa jina. Wanafunzi wengi huisahau kodi na kukimbilia malezi. Malezi ni ya kweli lakini yanatawanyika kwenye mali zote. Kodi iko Ngala, na jumbe zake zina tarehe.

Kuna njia moja ambayo ningekuomba usiifuate, ingawa inavutia. Wengine huhesabu mshahara wa mtumishi wa nyumbani, wakazidisha kwa miezi 200, wakaandika jumla mwishoni kama fungu la mke. Jaji Teresia Matheka wa Nakuru, katika hukumu ya mwaka 2021, alikumbusha kwamba kulea, kupika na kusafisha ni kazi ambazo familia hulipa watu wazifanye. Hoja hiyo ni nzuri kwa kumnyamazisha Charo na msumari wake. Lakini kuonyesha kwamba kazi ina thamani ni jambo moja, na kuifanya bei yake kuwa kipimo cha fungu ni jingine. Ukimgeuza Kadzo kuwa mtumishi anayedai malimbikizo, umemtoa kwenye umiliki. Mtumishi hana haki ya thamani ya nyumba iliyopanda, ana haki ya mshahara. Na Charo atajibu kwa hesabu yake mwenyewe: chakula, mavazi, matibabu, na vyote atavitoa kwenye malimbikizo hayo. Nimewahi kumsikia mume akimsomea hakimu hesabu ya unga wa miaka kumi na tano, akiwa ameiandika vizuri kwa wino wa bluu.

Sasa tupige hesabu. Swali halikutoa thamani, nazo huleta uwazi, basi tuweke zetu na tuseme wazi kwamba ni za mfano. Nyumba ya Barani ina thamani ya shilingi 4,000,000, na katika hizo kiwanja peke yake ni 1,000,000. Vyumba vya Ngala ni 3,000,000. Mkopo uliobaki ni 400,000. Mikorosho, kwa tathmini ya mtaalamu, imeongeza shamba thamani ya 300,000.

Barani, Charo ana ardhi ya kabla ya ndoa na mshahara uliojenga. Kadzo ana miaka 14 ya kuiendesha nyumba hiyo, watoto, mgonjwa, na miaka mitatu ya kubana matumizi kabla ya jengo kusimama. Ningependekeza asilimia 40 kwa Kadzo. Njia ya kuifikia ni hii: toa kiwanja kwanza, zinabaki 3,000,000 za jengo lililopatikana ndani ya ndoa. Ukimpa Kadzo karibu nusu ya jengo, pamoja na kidogo kwa kuwa kiwanja kilitunzwa na kuwa makao kwa mikono yake pia, unafika kama 1,600,000, ambayo ni asilimia 40 ya thamani yote. Jaji mwingine atasema 35, mwingine 45, na wote wawili wanaweza kuwa sawa. Kinachopimwa katika karatasi yako ni kama asilimia ina sababu nyuma yake. Asilimia iliyoachwa peke yake bila sababu ndiyo hupinduliwa kwenye rufaa.

Ngala hakuna kilichotoka kabla ya ndoa. Charo alileta mshahara na jina la kukopea, Kadzo alileta usimamizi wa kila siku tangu mpangaji wa kwanza. Na kama kodi aliyokusanya ndiyo iliyolipa mkopo, basi vyumba vimejilipa wenyewe kupitia mkono wake. Hapa nitatetea nusu bila haya: 1,500,000. Unaona sasa, nusu inaweza kupatikana. Inapatikana kwa ushahidi, ndani ya mali moja, si kwa kuitandaza juu ya kila kitu.

Mkopo una kanuni yake, na wanafunzi hubashiri vibaya. Hawagawani deni kwa asilimia za mali. Kifungu cha 10 kinasema deni lililoingiwa wakati wa ndoa kwa faida ya ndoa hubebwa sawa kwa sawa. Kwa hiyo kila mmoja ana 200,000, hata kama Kadzo angepata asilimia 30 tu ya vyumba. Kanuni hiyo yaweza kumuumiza mke mwenye fungu dogo, na mimi binafsi siipendi, lakini ndiyo sheria ilivyo, na mshauri wa Kadzo lazima amwambie kabla hajashangilia.

Shambani, tuseme Kadzo alipanda na kupalilia, Charo alinunua miche na kulipa mlinzi. Theluthi mbili kwa Kadzo ni 200,000, kwa fedha, ardhi ibaki kwa mwenyewe.

Jumlisha: 1,600,000 na 1,500,000 na 200,000, toa 200,000 za mkopo. Kadzo ana haki ya 3,100,000. Usiishie hapo. Korti haikati nyumba kwa msumeno, na Charo hana mamilioni mfukoni. Pendekeza Kadzo achukue vyumba vya Ngala vyote, vya 3,000,000, abebe nusu yake ya mkopo, abakiwe na 2,800,000. Charo abaki na nyumba ya Barani na shamba, amlipe Kadzo 300,000 kwa muda utakaowekwa. Kadzo ana kodi ya kuishi, Charo ana paa, na hakuna anayeuza kwa bei ya kukata tamaa. Watoto watakaa wapi na nani ni suala la ulezi. Litaje kwa mstari mmoja na uliache, maana mali haigawanywi kama zawadi kwa anayebaki na watoto.

Angalizo juu ya Ogentoto, kwa sababu utaitegemea. Martha Ogentoto alikuwa na ajira na alichukua mikopo iliyoingia katika mali ya Tassia, Nairobi. Mahakama Kuu ilimpa asilimia 30 ya nyumba ya ndoa na 20 ya vyumba vya kupangisha, Mahakama ya Rufaa ikampa nusu, na Mahakama ya Juu ikaiacha nusu hiyo kwa sababu ushahidi uliibeba. Tena kesi ile ilifunguliwa chini ya sheria ya 1882, si ya 2013. Kwa hiyo si kesi ya mke wa nyumbani kama Kadzo. Itaje kwa kanuni yake, kwamba mchango huthibitishwa na nusu haiji yenyewe, wala usiilinganishe na Kadzo ukweli kwa ukweli, kwani msahihishaji anayeijua atakukamata hapo. Jambo la kufurahisha ni kwamba majirani zetu Tanzania walilifikia suala la kazi ya nyumbani mapema zaidi, mwaka 1983, katika kesi ya Bi Hawa Mohamed. Mahakama ya Rufaa yao ilikubali kwamba kazi ya nyumbani ni mchango, ingawa Bi Hawa mwenyewe hakuongezewa kitu. Haitufungi sisi, lakini inaruhusiwa kushawishi.

Neno dogo kuhusu wakati. Ndoa hii imevunjwa na mahakama 2023, kwa hiyo mgao wa kifungu cha 7 unawezekana. Kama swali lingesema wametengana tu, Kadzo angeweza kuomba tamko la haki zake chini ya kifungu cha 17, lakini kugawanya kungengoja talaka. Soma tarehe za swali kwa makini, mara nyingi mtunzi huficha hapo.

Wangekuwa Waislamu? Wenzako wataandika "itakwenda kwa kadhi" na kumaliza. Kifungu cha 3 cha sheria ya 2013 kinasema Mwislamu *anaweza* kuongozwa na sheria ya Kiislamu katika mali ya ndoa. Hakikusema lazima. Na Ibara ya 170(5) ya Katiba inampa kadhi mamlaka pale tu pande zote ni Waislamu na zote zimekubali kuhukumiwa naye. Hivyo Kadzo, au tumwite Mwanaidi, akikataa, Charo hawezi kumburuta huko. Anaweza kwenda kwenye mahakama nyingine na kuomba sheria ya 2013.

Je, akubali au akatae? Hapa ndipo ushauri wa kweli ulipo. Katika fiqhi kila mwanandoa ana mali yake mbali, na ndoa yenyewe haichanganyi mali. Madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo ya pwani yetu, yanasema kumhudumia mume nyumbani si wajibu wa kisheria wa mke. Bibi wengi hushangaa wakisikia hivyo. Lakini inakata kuwili: kilichofanywa bila wajibu na bila makubaliano huchukuliwa kuwa ni hisani, na hisani haileti umiliki wa kiwanja. Mbele ya kadhi Mwanaidi angesimama imara kwenye mahari yake iliyobaki, matumizi ya eda, kiliwazo cha kuachwa, na gharama za watoto. Katika vyumba vya Ngala angehitaji kuonyesha ushirika, yaani makubaliano, au fedha au usimamizi uliokubalika kuwa wa wote wawili. Daftari lake la kodi lingemsaidia hapo pia. Nyumba ya Barani, bila ushahidi wa ushirika, ingemtoka. Kwa ukweli wa swali hili, mshauri Mwanaidi asikubali kuhukumiwa na kadhi juu ya mali, na aseme hivyo mapema. Akishajibu madai na kushiriki mpaka mashahidi wakasikilizwa, itakuwa vigumu kumwaminisha yeyote kwamba hakukubali.